Gemu ya Bure, Bando la Kulipia: Jinsi ya Kuchagua na Kuapdeti Gemu za Simu

Umeingia Play Store, umeona gemu ya mpira imeandikwa MB 180, ukajiunga bando la MB 500 ukijua litatosha na kubaki. Gemu imeshuka vizuri. Unaifungua, na kabla hujaona hata nyasi za uwanja, kioo kinakuletea ujumbe: ipo data ya ziada ya kupakua, GB 1.4, gusa OK uendelee. Ukigusa, bando linakata njiani. Usipogusa, gemu haichezeki.

Mwongozo huu ni wa mchezaji mwenye simu ya Android, anayelipia kila MB kutoka mfukoni, na anayeishi mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Shika jambo moja kabla ya yote: ukubwa ulioandikwa Play Store ni kiingilio tu. Gemu ipime kwa kile itakachokudai miezi mitatu ijayo, kisha uzuie yale inayojichukulia bila kukuuliza.

MB zinakwenda wapi

Gemu hula bando kwa njia nne. Ya kwanza ni faili lenyewe la gemu, lile unalopakua Play Store. Ya pili ni data ya ndani, yaani ramani, sauti, nyuso za wachezaji na picha za hali ya juu, ambazo gemu huzivuta yenyewe baada ya kufunguliwa. Gemu kubwa za mtandaoni kama eFootball, PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile zimejengwa hivi, na data hiyo huweza kulizidi faili la kwanza mara kadhaa. Ya tatu ni apdeti. Ya nne ni mchezo wenyewe pamoja na matangazo.

Wengi huogopa hiyo ya nne, wakidhani kucheza mtandaoni ndiko kunakomaliza bando. Kwa kawaida sivyo. Wakati wa mechi, simu yako na seva hutumiana taarifa ndogondogo: umesimama wapi, umepiga wapi, mpira uko kwa nani. Picha zote tayari zimo ndani ya simu. Ndiyo maana mechi moja hutumia MB chache, wakati apdeti moja ya msimu mpya huweza kumeza MB mia kadhaa kwa mkupuo.

Tangazo la video ni habari nyingine. Lile linaletwa kutoka mtandaoni kila mara, kama video yoyote ile. Gemu ndogo isiyohitaji mtandao kabisa, ikiachwa na data imewashwa, inaweza kukugharimu kuliko mechi za mtandaoni kwa sababu ya matangazo pekee.

Usiniamini kwa maneno; simu yako ina hesabu. Fungua Settings, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika data usage. Utaona orodha ya programu na MB ambazo kila moja imetumia. Gusa jina la gemu upate mchanganuo: foreground ni kilichotumika ukiwa ndani ya gemu, background ni kilichotumika ukiwa umeshatoka. Andika namba iliyopo, cheza mechi mbili, rudi uangalie. Tofauti ukiigawanya kwa mbili, ndiyo bei ya mechi moja kwa gemu hiyo, kwenye simu hiyo.

Kabla hujagusa Install

Kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Play Store, gusa About this game ushuke hadi chini kabisa. Hapo kuna Download size, ukubwa uliokadiriwa kwa simu yako, na Updated on, tarehe ya apdeti ya mwisho. Karibu na jina la gemu angalia kama kuna maneno Contains ads. Kisha ingia kwenye maoni ya wachezaji, uyapange yaanze ya karibuni. Tafuta wanaolalamika kuhusu data ya ziada, apdeti zisizoisha, au gemu inayogoma bila mtandao. Hayo ni mambo ambayo mwenye gemu hayatangazi, lakini wachezaji huyasema ndani ya siku chache.

Baada ya hapo, jiulize gemu hiyo hufanya nini mtandao unapokata. Gemu ya kupigana mtandaoni hukuacha umesimama kama sanamu huku wenzako wakikumaliza, na ukitoka katikati ya mechi ya daraja unaweza kukatwa pointi. Gemu ya zamu kwa zamu haina shida hiyo. Sataranji ya Lichess, kwa mfano, ina mechi ambazo mchezaji anapewa siku nzima au zaidi kwa kila hatua. Mtandao ukirudi jioni, unatuma hatua yako, na inatumia data kidogo mno. Programu hiyo haina matangazo, na unaweza kucheza na kompyuta bila mtandao wowote.

Zipo pia gemu ambazo watu hucheza pamoja bila bando. Ludo King inaruhusu familia nzima kucheza kwenye simu moja, kila mtu kwa zamu yake. Mini Militia inaunganisha simu kadhaa kwa hotspoti ya mmoja wenu, na kwa kuwa simu zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, mwenye hotspoti anaweza kuzima data kabisa na vita ikaendelea.

Kama moyo wako uko kwenye gemu kubwa ya mtandaoni, chagua toleo jepesi. Free Fire ina ndugu yake, Free Fire MAX, mwenye picha kali zaidi. Akaunti ni ileile na mnakutana uwanja uleule, kwa hiyo mwenye bando dogo hapotezi wapinzani kwa kubaki na Free Fire ya kawaida. Gemu nyingine hukupa nafasi ya kuchagua kifungu cha picha za kawaida badala ya HD pale unapoifungua mara ya kwanza, au kupakua ramani mojamoja. Soma kioo hicho taratibu. Kitufe kikubwa chenye rangi mara nyingi ndicho kinachobeba mzigo mkubwa.

Gemu ikishaingia, ijaribu siku hiyohiyo. Ifungue mara moja ukiwa na data ili imalize maandalizi yake. Kisha ifunge kabisa, washa Airplane mode, uifungue tena na kucheza hatua mbili tatu. Ikikwama kwenye kioo cha kuingia au ikasema No internet connection, hiyo ni gemu ya mtandaoni hata kama ukurasa wake umeandika Offline. Zima simu, iwashe, rudia jaribio, kwa sababu zipo zinazokubali mara ya kwanza na kugoma baada ya simu kuwashwa upya.

Tupige hesabu ya gemu mbili

Kwanza jua bei ya MB yako. Gawanya bei ya bando kwa MB zake. Bando la shilingi 1,000 likikupa MB 500, kila MB ni shilingi 2. Tuitumie bei hiyo kwa wiki 12, na namba zinazofuata ni za mfano tu. Mahali pake utaweka zile ulizozisoma kwenye simu yako.

Gemu ya kwanza ni ile ya mpira. Faili MB 180, data ya ndani MB 1,400, jumla MB 1,580. Kila wiki inaleta apdeti ndogo ya MB 40, kwa hiyo wiki 12 ni MB 480. Katikati kuna msimu mpya wenye apdeti ya MB 700. Unacheza mechi mbili kwa siku, kila moja MB 5, ambazo kwa siku 84 zinafika MB 840. Jumla kuu ni MB 3,600, sawa na shilingi 7,200, au shilingi 600 kila wiki. Ona kwamba mechi zenyewe hazifiki hata robo ya matumizi. Ukiamua kuacha kucheza wiki nzima ili kubana matumizi, huku apdeti zinaendelea kushuka, hujaokoa kitu cha maana.

Gemu ya pili ni ya mbio za magari, haihitaji mtandao. Faili MB 90, apdeti moja MB 60. Ukiicheza data ikiwa imezimwa, miezi mitatu imekugharimu MB 150, yaani shilingi 300. Lakini ukiicheza data ikiwa imewashwa, na ukaonyeshwa matangazo matano kwa siku ya MB 4 kila moja, hizo ni MB 20 kwa siku na MB 1,680 kwa siku 84. Hapo gemu isiyo ya mtandao imekula mara mbili ya mechi zote za gemu ya mpira.

Hesabu hii ndiyo ikuongoze. Mwenye shilingi 600 za kutenga kila wiki anaweza kuweka gemu moja kubwa na kuifurahia. Gemu kubwa tatu kwa pesa hiyo zitamwacha kila siku akiwa nyuma ya apdeti, hana hata moja inayofunguka.

Zuia yanayojiendesha yenyewe

Simu nyingi hutoka dukani zikiwa zimepangwa kujiapdeti zenyewe. Rekebisha haya mara moja:

1. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, kisha Settings, kisha Network preferences. Kwenye Auto-update apps chagua Don't auto-update apps. Kwenye App download preference chagua Ask me every time. Kwenye Auto-play videos chagua Don't auto-play videos.

2. Humohumo kwenye Settings, gusa General uangalie Automatically archive apps. Ikiwa imewashwa na simu ikajaa, Play Store huweza kuondoa faili la programu usiyoitumia sana na kubakiza alama yake tu. Ukija kuigusa, inabidi ipakuliwe upya. Zima, uamue mwenyewe kipi kitoke.

3. Rudi Settings za simu, tafuta jina la gemu isiyohitaji mtandao, ingia kwenye sehemu ya data. Simu nyingine zina swichi ya kuinyima programu data ya laini kabisa. Iwapo ipo, izime. Nyingine zina swichi ya background tu, ambayo haizuii matangazo ukiwa ndani ya gemu. Kwa hizo, dawa ni kuzima data kabla ya kuanza kucheza.

4. Tafuta data limit, weka kikomo kinacholingana na bando lako. Kikifikiwa, simu hukata data yenyewe.

Kwenye Auto-update apps, wengi husimama kwenye Over Wi-Fi only wakidhani wako salama. Simu haijui kama Wi-Fi uliyounganisha ni ya ofisini au ni kiruta kidogo cha mfukoni kinachotumia laini yenye bando lilelile la kulipia. Ikiona Wi-Fi, huenda ikaanza kuvuta apdeti za programu zote. Ukiunganisha Wi-Fi ya aina hiyo, gusa alama ya mipangilio pembeni ya jina lake, tafuta Network usage au Metered, kisha chagua Treat as metered. Tangu hapo simu itaihesabu kama data ya kulipia. Fanya hivyo pia ukiazima hotspoti ya rafiki, maana bando litakalokatika ni lake.

Siku ya kuapdeti

Gemu za mtandaoni hazikupi hiari. Seva ikibadilika, toleo la zamani linafungwa. Kwa gemu isiyohitaji mtandao hali ni tofauti: kama inafunguka, haigandi, na hakuna kipya unachokihitaji, iache ilivyo. Bando la apdeti lianze kwa programu za benki, za pesa kwa simu na za mawasiliano, kwa sababu hizo zikizeeka unaweza kuingia hasara iliyo kubwa kuliko gemu.

Chagua saa. Usiku sana au alfajiri watumiaji wa mnara wa eneo lako huwa wachache, na hapo ndipo bando za usiku zinapofaa, mradi usome saa zake za kuanza na kuisha. Apdeti ya MB 700 ukiianza nusu saa kabla ya bando la usiku kufungwa, sehemu iliyobaki itahamia kwenye bando lako la kawaida.

Kabla ya kuanza, angalia nafasi kwenye simu. Wakati wa kuapdeti, faili la zamani na jipya hukaa pamoja kwa muda, kwa hiyo acha nafasi isiyopungua mara mbili ya ukubwa wa gemu. Nafasi ikiwa finyu, apdeti huweza kushuka hadi mwisho kisha ikagoma kuingia, na MB zimeshakwenda.

Ndani ya Play Store, gusa picha yako, kisha Manage apps & device, ufungue orodha ya apdeti zilizopo. Kila moja ina ukubwa wake. Gusa Update kwenye ile unayoitaka na uiache Update all. Apdeti mara nyingi huwa ndogo kuliko gemu nzima, kwa kuwa Play Store hutuma sehemu zilizobadilika tu na kuziunganisha na faili ulilonalo. Ndiyo sababu kuifuta gemu na kuipakua upya, dawa ambayo mitaani hupendekezwa kwa kila tatizo, ndiyo njia ghali kuliko zote.

Mtandao ukikata, Play Store kwa kawaida huendelea pale ilipoishia. Data ya ndani ya gemu haina uhakika huo. Kila gemu ina utaratibu wake. Lipime jambo hilo mapema. Upakuaji ukifika asilimia 5, zima data, hesabu hadi kumi, iwashe tena. Namba ikiendelea kutoka 5, unaweza kugawa mzigo huo kwa siku kadhaa. Ikirudi 0, usiendelee na mtandao wako wa kawaida. Subiri mahali penye Wi-Fi ya kuaminika, la sivyo utalipia mwanzo uleule mara nyingi. Na wakati wa kupakua data ya ndani, baki kwenye kioo cha gemu na usiruhusu simu izime kioo, kwa kuwa gemu nyingi husitisha kazi hiyo ukitoka.

Kuna kitufe kimoja cha kukiepuka. Gemu ikiwa nzito, watu huingia Settings, Apps, Storage, na huko kuna vitufe viwili vinavyokaribiana. Clear cache huondoa mabaki ya muda. Clear storage, ambayo kwenye simu nyingine huitwa Clear data, hufuta kila kitu gemu ilichokiweka, ikiwemo ile GB 1.4 uliyoilipia. Kwa gemu isiyohifadhi maendeleo kwenye akaunti, hata hatua ulizofika zinapotea.

Kurushiana gemu

Jirani akiwa na gemu unayoitaka, si lazima ulipie MB upya. Play Store ina njia yake: wote wawili fungueni Manage apps & device, kisha Share apps; mwenye gemu aguse Send, wewe uguse Receive, Bluetooth na location zikiwa zimewashwa na simu zikiwa karibu. Faili hupita hewani kati ya simu mbili bila kugusa bando. Njia hii hufaa sana kwa gemu ndogo zisizohitaji mtandao, kwa kuwa mzigo wote uko kwenye faili. Kwa gemu kubwa, kinachopita ni faili la kwanza tu. Ukiifungua itadai data ya ndani kama kawaida.

Wengine hutumia programu za kurushiana mafaili kama Xender. Zinafanya kazi, ila kuna mtego. Gemu nyingi za siku hizi, tangu Play Store ilipobadilisha utaratibu kwa programu mpya mwaka 2021, hushushwa kwa vipande vinavyochaguliwa kulingana na simu: kioo chake, prosesa yake, lugha yake. Kipande kimoja kikikosekana, au kikiwa cha simu ya aina nyingine, gemu inagoma kuingia au inafunguka na kujifunga papo hapo. Ukiona hivyo, tatizo si simu yako. Mwombe mwenye gemu arushe kwa njia ya Play Store.

Faili la APK lililookotwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram ni jambo jingine kabisa, hasa lile linaloahidi sarafu zisizoisha. Ukijaribu kuliweka juu ya gemu uliyonayo, simu inaweza kukuambia App not installed as package conflicts with an existing package. Kwa kawaida maana yake saini ya faili hilo hailingani na ya gemu uliyonayo. Huenda mtu mwingine ameligusa. Wengi hapo hufuta gemu halisi ili hilo liingie. Wanapoteza haki ya apdeti ndogondogo za Play Store, wanahatarisha akaunti kufungiwa, na wanaweka kitu kisichojulikana kwenye simu ileile inayobeba pesa zao.

Baada ya mwezi mmoja, rudi kwenye data usage na uweke gemu zako kwenye mstari kuanzia inayokula zaidi. Ile ya juu kabisa ndiyo ya kuiuliza maswali: kama umeicheza mara nyingi, imelipia nafasi yake; kama MB zake nyingi ni za apdeti na ulicheza siku mbili tu, iondoe kabla ya msimu mpya kuingia, maana apdeti kubwa inayofuata ndiyo itakayokukuta.